Historia ya Mbu Ndani ya Namba Hasi

Mwaka 2017 jarida la Nature lilichapisha matokeo ya mradi mkubwa wa kusoma DNA ya Anopheles gambiae, mmoja wa mbu wanaoeneza malaria zaidi barani Afrika. Watafiti walikuwa wamekusanya mbu 765 kutoka nchi 8, kuanzia Guinea-Bissau upande wa magharibi hadi Kilifi kwenye pwani ya Kenya. Walisoma jenomu ya kila mbu, yaani maandishi yote ya urithi yaliyomo katika chembe zake, kisha wakazilinganisha jenomu hizo herufi kwa herufi. Walipata zaidi ya sehemu milioni 50 ambapo mbu mmoja ana herufi tofauti na mwenzake. Katika maeneo ya jenomu yaliyosomeka vizuri, tofauti ilijitokeza kila baada ya herufi mbili hivi.

Wingi huo unashangaza, lakini wenyewe hautuambii mengi. Swali lenye uzito ni la kihistoria: je, mbu hawa wamekuwa wengi hivi siku zote, au kuna wakati walikuwa wachache wakaongezeka? Hakuna aliyewahesabu mbu wa miaka 10,000 iliyopita. Hata hivyo, mbu walio hai leo wamebeba alama za wakati huo, na kipimo kimoja kifupi kimekuwa mlango wa kuzisoma. Kinaitwa D ya Tajima, kwa jina la Fumio Tajima, mwanasayansi wa Japani aliyekieleza mwaka 1989 katika jarida la Genetics. Kwa mbu wa sehemu kubwa ya Afrika Magharibi na Kati, na wa Uganda pia, kipimo hicho kilitoa namba hasi, tena hasi sana.

Ili kuielewa namba hiyo tuchukue mfano mdogo unaoweza kuhesabiwa kwa kalamu. Tuseme tuna nakala 10 za kipande kimoja cha DNA. Kila mbu jike hubeba nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama, kwa hiyo mbu watano wanatutosha. Tunazipanga nakala hizo mstari juu ya mstari, kisha tunatafuta nafasi ambapo herufi hazilingani. Tuseme tumepata nafasi 16 za aina hiyo. Katika nafasi 12, nakala moja tu ndiyo yenye herufi ngeni, na zile tisa zinafanana. Katika nafasi 3, herufi ngeni iko kwenye nakala mbili. Katika nafasi moja iliyobaki iko kwenye nakala tatu.

Kuna njia mbili za kupima utofauti huu. Ya kwanza ni kuhesabu nafasi zenyewe: ziko 16, basi. Njia hii haijali kama herufi ngeni imebebwa na nakala moja au tano. Ikionekana hata mara moja, nafasi imehesabiwa.

Njia ya pili ni kuzishika nakala mbilimbili na kuuliza kila jozi inatofautiana katika nafasi ngapi. Nakala 10 hutoa jozi 45. Herufi iliyoko kwenye nakala moja tu huleta tofauti katika jozi 9, kwa sababu nakala hiyo inapambanishwa na wenzake tisa. Iliyoko kwenye nakala mbili huleta tofauti katika jozi 16, na iliyoko kwenye tatu katika jozi 21. Basi nafasi zetu 12 za kwanza zinatoa tofauti 108, zile 3 zinatoa 48, na ile moja inatoa 21. Jumla ni 177. Tukigawanya kwa jozi 45 tunapata wastani wa 3.93. Hapa tayari jambo muhimu limejitokeza: njia ya pili inazipa herufi adimu uzito mdogo. Laiti nafasi zote 16 zingekuwa zimegawanyika tano kwa tano, kila moja ingechangia jozi 25, na wastani ungefika 8.89 ingawa idadi ya nafasi ni ileile.

Sasa 16 na 3.93 haziwezi kulinganishwa moja kwa moja, kwa kuwa idadi ya nafasi hukua kila tunapoongeza nakala, ilhali wastani wa jozi haukui hivyo. Mwanahisabati G. A. Watterson alitoa marekebisho mwaka 1975. Alionyesha kwamba katika jamii isiyokua wala kupungua, nakala mbili za kwanza huleta kiasi fulani cha tofauti, ya tatu huongeza nusu ya kiasi hicho, ya nne theluthi, ya tano robo, na kuendelea hivyo. Kwa nakala 10 tunajumlisha 1 na nusu na theluthi hadi moja ya tisa, tunapata 2.83. Tukigawanya 16 kwa 2.83 tunapata 5.66.

Namba hizi mbili, 3.93 na 5.66, zilipaswa kuwa karibu sawa. Zote zinakadiria kitu kimoja, yaani ukubwa wa jamii ukizidishwa kwa kasi ya kuzuka kwa herufi mpya, mradi masharti mawili yametimia: jamii imekaa na idadi ileile kwa muda mrefu, na herufi zenyewe hazimfaidii wala hazimdhuru mwenye kuzibeba. Sharti la pili linatokana na nadharia ya Motoo Kimura, ambaye mwaka 1968 alidai kwamba mabadiliko mengi ya DNA huenea au kupotea kwa bahati tu. Tajima alitaka njia ya kuijaribu nadharia hiyo kwa data. Akachukua wastani wa jozi, akatoa makadirio yanayotokana na idadi ya nafasi, kisha akagawanya jibu kwa kiasi cha kuyumba kinachotarajiwa kutokana na bahati. Kwa alama huandikwa hivi:

```
D = (π − S/a1) / √(e1·S + e2·S·(S−1))
```

Herufi S ni idadi ya nafasi, π ni wastani wa jozi, na a1 ni ile 2.83 yetu. Zile e mbili ni namba zinazotokana na idadi ya nakala peke yake. Kwa nakala 10 ni 0.01906 na 0.00495. Tukiingiza mfano wetu, sehemu ya juu ni −1.72, ya chini ni 1.22, na D inakuwa −1.41.

Alama ya kutoa inatuambia kwamba nafasi zinazotofautiana ni nyingi kuliko tofauti za jozi zinavyoweza kueleza. Kwa maneno mengine, kuna ziada ya herufi adimu, zile zinazobebwa na nakala moja au mbili. Kwa nini ziada hiyo iwe dalili ya jamii iliyokua?

Jibu limo katika ukoo wa nakala zenyewe. Kila nakala ina mzazi, na tukirudi nyuma kizazi kwa kizazi, mistari ya nakala zetu 10 hukutana: mbili zinapata mzazi mmoja, zinabaki tisa, kisha nane, hadi babu wa wote. Katika jamii yenye idadi thabiti, mikutano ya kwanza hutokea mapema kwa sababu mistari ni mingi na nafasi za kukutana ni nyingi. Mkutano wa mwisho ndio unaochelewa. Kwa wastani, mistari miwili ya mwisho hutembea peke yake kwa zaidi ya nusu ya historia yote ya ukoo. Herufi mpya inayozuka katika mistari hiyo mirefu ya kale hurithiwa na kundi zima la nakala za leo, labda tatu, labda sita. Ndiyo maana jamii thabiti huwa na herufi za kati za kutosha, zilizogawanyika nne kwa sita au tano kwa tano.

Jamii iliyoanza na wachache ikalipuka ina ukoo wa umbo jingine. Tukirudi nyuma kupitia kipindi cha wingi, mistari 10 inapita sambamba bila kukutana, kwa sababu katika umati wa mamilioni ni nadra nakala mbili kuwa na mzazi mmoja. Ikifika kwenye kipindi cha uchache, ghafla yote inakutana karibu kwa pamoja. Mti wake una matawi marefu yanayochipuka karibu na shina, na hauna matawi ya kati ya kutajika. Herufi mpya zinazuka mahali ambapo muda ni mwingi, yaani kwenye matawi hayo marefu, na kila tawi linaishia kwenye nakala moja. Basi kila herufi ngeni inaonekana mara moja tu. Hesabu ya nafasi inapanda, wastani wa jozi unabaki nyuma, na D inashuka chini ya sifuri.

Hivyo ndivyo walivyosomeka mbu wengi wa mradi ule. Watafiti walitumia pia njia nyingine zinazoangalia mgawanyo mzima wa herufi adimu na za kawaida, nazo zikaonyesha kwamba jamii za mbu wa kaskazini-magharibi mwa bonde la Kongo, na wa magharibi mwa Bonde la Ufa, ziliwahi kupanuka sana. Lakini D peke yake haikutoa tarehe, wala haiwezi. Namba −2 inaweza kutokana na ukuaji wa zamani uliokuwa mkubwa, au wa karibu uliokuwa wa wastani. Ili kupata miaka, mtu anahitaji kujua herufi mpya huzuka kwa kasi gani na mbu hupita vizazi vingapi kwa mwaka. Kasi hiyo iliazimwa kutoka kwa nzi wa matunda, na vizazi vya mbu hutegemea mvua na joto la mahali. Kwa hiyo msomaji akikutana na tarehe ya upanuzi wa mbu katika makala yoyote, aichukue kama makadirio yenye upana wa maelfu ya miaka. Kuna wanaohusisha upanuzi huo na kuenea kwa wakulima katika bara hili, kwani mbu huyu hupenda sana damu ya binadamu na vidimbwi vya jua vinavyoachwa na shughuli zetu. Wazo hilo lina mantiki, ila D haiwezi kulithibitisha.

Turudi kwenye −1.41 yetu, maana ina funzo jingine. Je, ni hasi ya kutosha? Jedwali la Tajima kwa nakala 10 linataka D ishuke hadi karibu −1.7 kabla ya kusema kwamba bahati peke yake haielekei kuwa sababu. Yetu haifiki. Hata kama nafasi zote 16 zingekuwa za nakala moja, D ingekuwa −2.01 tu. Kipande kimoja cha DNA kina sauti dogo mno, kwa kuwa kinasimulia ukoo mmoja tu, na ukoo mmoja unaweza kuwa na umbo la ajabu kwa bahati. Nguvu ya mradi wa mbu ilitokana na maelfu ya vipande kando ya jenomu nzima, kila kimoja na ukoo wake, na vingi vikaelekea upande uleule.

Wingi huo wa vipande ndio pia unaotuwezesha kutofautisha ukuaji wa jamii na jambo jingine linaloacha alama ileile: uteuzi asilia. Tuseme mbu mmoja amepata herufi inayomwezesha kustahimili dawa ya kwenye vyandarua. Uzao wake unaishi pale wenzao wanapokufa, na baada ya vizazi vichache kipande chake cha DNA kimeenea kila mahali, pamoja na majirani zake wa pembeni. Mahali hapo nakala nyingi zinatokana na babu mmoja wa karibu, na tofauti zilizopo ni mpya na adimu. D inakuwa hasi ingawa idadi ya mbu haijabadilika. Lakini uteuzi hugusa mtaa mmoja wa jenomu, ilhali ukuaji wa jamii hugusa jenomu yote. Mchambuzi mzuri huchora D kando ya kila kromosomu na kutazama: mstari wote ukiwa chini, ni historia ya jamii. Ukizama ghafla mahali pamoja kisha ukarudi juu, hapo kuna jeni la kuchunguzwa.

Hata hivyo mzamo huo hautokei kila mara. Jeni linaloitwa Vgsc, ambalo dawa za jamii ya pairethroidi hulenga, ni mfano mzuri. Ukinzani wa mbu katika jeni hilo ulipatikana katika angalau makundi 10 tofauti ya nakala, matano ya badiliko moja na matano ya badiliko jingine mahali palepale. Makundi kadhaa yakipanda pamoja, kila kimoja kinakuja na herufi zake za jirani, na herufi hizo zinakuwa za kawaida badala ya kuwa adimu. Uteuzi ni mkali, na D inaweza kupita bila kuuona. Kwa sababu hiyo watafiti wa ukinzani hawaitegemei peke yake. Huangalia pia urefu wa vipande vinavyofanana.

Kuna sababu ya tatu ya namba hasi, tulivu zaidi. Mabadiliko mengi yanayoharibu protini hayaruhusiwi kuenea. Yanazuka, yanabaki kwa wachache, yanafutika. Katika sehemu za jeni zenye kazi muhimu, mabadiliko ya namna hiyo hurundika upande wa herufi adimu na kuivuta D chini hata katika jamii thabiti. Dawa yake ni kupima D katika sehemu ambazo herufi ikibadilika protini haibadiliki, au katika sehemu zilizo mbali na jeni.

Na kuna sababu ambayo haina uhusiano wowote na mbu, nayo ndiyo inayonitia wasiwasi ninaposoma matokeo ya maabara ndogo zenye data chache. Mashine inayosoma DNA hukosea. Kosa lake huangukia nakala moja, mahali pamoja, kwa hiyo linafanana kabisa na herufi adimu. Tuseme katika nafasi zetu 12 za nakala moja, nne ni makosa ya mashine. Tukiziondoa, nafasi zinabaki 12, wastani wa jozi unakuwa 3.13, na D inapanda kutoka −1.41 hadi −1.18. Makosa manne yamesogeza namba kiasi hicho, na katika jenomu nzima makosa huwa maelfu. Njia ya kuyatambua ni kuwasoma mbu walewale mara ya pili, au kusoma jenomu ya wazazi na watoto wao: herufi iliyo kwa mtoto na haimo kwa wazazi wote wawili karibu siku zote ni kosa. Kutupa tu kila herufi inayoonekana mara moja si suluhisho, kwa maana hapo tunatupa ushahidi wenyewe na D inapanda isivyo haki.

Kilifi iko wapi katika hadithi hii? Mbu 44 waliotoka huko hawakufanana na wengine. Hawakuwa na ile ziada kubwa ya herufi adimu. Utofauti wao ulikuwa mdogo, na wengi walikuwa na sehemu ndefu za DNA ambapo nakala ya baba na ya mama ni ileile, jambo linalotokea pale ambapo wazazi ni ndugu wa karibu kwa sababu jamii ni ndogo. Jamii inapopungua, herufi adimu ndizo za kwanza kupotea, kwa kuwa zinategemea mbu mmoja au wawili wasife bila kuzaa. Herufi za kawaida hudumu zaidi. Basi hesabu ya nafasi inashuka haraka kuliko wastani wa jozi, na D inasogea kuelekea juu. Ishara ya kupungua ni kinyume cha ishara ya kukua, na zote mbili zilipatikana katika mradi mmoja, kwa mbu waliosomwa kwa njia ileile, jambo linaloondoa shaka kwamba tofauti ni ya mashine.

Inavutia kusema kwamba vyandarua ndivyo vilivyowapunguza mbu wa Kilifi. Pengine vilichangia, lakini mimi nisingeandika hivyo kwa kutegemea namba hizi. Kupungua kunaweza kuwa kulianza kabla ya vyandarua kugawiwa kwa wingi, na zaidi ya hayo, katika awamu iliyofuata ya mradi watafiti walieleza kwamba spishi ya mbu hao wa pwani haina uhakika. Kama hao ni tawi jingine la ukoo lenye historia yake, basi kuwalinganisha na mbu wa Burkina Faso kana kwamba ni jamii moja iliyopata bahati tofauti kunahitaji tahadhari.

Kwa anayepanga kupambana na mbu wa Tororo au wa Burkina Faso, namba hasi ina maana ya moja kwa moja. Jamii iliyokuwa kubwa kwa maelfu ya vizazi imejaa herufi adimu, na kati ya hizo zipo zitakazokuwa na faida dawa mpya itakapofika. Ukinzani hauna haja ya kusubiri badiliko lizuke. Mara nyingi tayari lipo kwa mbu wachache mahali fulani. Hali ni hiyohiyo kwa wanaobuni mikasi ya kijeni ya kuwazuia mbu wasizae, kwani mkasi hutambua mfuatano maalumu wa herufi, na mbu mwenye herufi moja tofauti mahali hapo anaweza kuukwepa. Ndiyo maana waandishi wa ripoti ile ya 2017 walipitia jeni za mbu moja baada ya nyingine wakitafuta mahali ambapo mbu wote 765 wana herufi zilezile. Katika jeni nyingi hawakupata mahali hata pamoja.